Jina Ndilo Anwani: Rigi na Klipu za Pamoja katika Studio ya Katuni

Katika studio inayotengeneza katuni za 3D, mhuishaji mpya hupewa barua ya kiongozi wake kabla hajafungua faili lolote la kazi. Barua hiyo haigusi sanaa ya kumtembeza mhusika wala namna ya kumchekesha. Inaeleza mambo mawili makavu: mafaili yanaitwaje, na yanakaa wapi. Ni rahisi kudhani kwamba huo ni unadhifu wa ofisi tu. Lakini majina hayo husomwa na kompyuta kabla ya kusomwa na mtu. Kwa jina, programu humtafuta mhusika, humtafuta mfupa wa mkono wake, kisha huuambia mfupa huo uende wapi. Jina likibadilika, programu haibahatishi. Inakosa, na mara nyingi inakosa kimyakimya.

Mfano unaotumika hapa ni wa studio inayofanya kazi na Blender, programu isiyolipiwa ambayo hutumiwa na studio kubwa na vijana wenye kompyuta moja nyumbani. Katuni yenyewe ni ya kubuni: hadithi ya Sungura na Fisi, yenye vipindi kadhaa na wahuishaji kama sita wanaotumia wahusika walewale. Studio nyingine zina majina yao na programu zao, ila sababu zilizo nyuma ya kanuni hubaki karibu zilezile.

Rigi na klipu

Umbo la mhusika likishachongwa kwenye kompyuta huwa gumu kama sanamu. Mjenzi wa rigi hulitia mifupa ndani, huifunga ngozi kwenye mifupa hiyo, kisha huweka vidhibiti, yaani maumbo mepesi ya duara na mraba yanayoelea kuuzunguka mwili. Mhuishaji huvishika vidhibiti hivyo na kuvivuta kama anayechezesha kikaragosi. Mifupa, ngozi na vidhibiti kwa pamoja ndiyo rigi. Rigi ya mtu iliyojengwa kwa Rigify, zana inayokuja pamoja na Blender, huwa na mifupa mia kadhaa, ingawa mhuishaji hugusa michache tu kati yake.

Klipu ni rekodi ya mwendo. Blender huiita `Action`. Ndani yake hakuna mwili wala sura. Mna mistari ya namba inayosema kwamba katika fremu fulani kitu fulani kiko mahali fulani. Kila mstari hubeba anwani ya kitu unachokiendesha, na anwani hiyo huandikwa hivi:

```
pose.bones["mkono_ik.L"].location
```

Maana yake ni kwamba namba hizi ni za mahali ulipo mfupa unaoitwa `mkono_ik.L`. Hakuna namba ya siri inayoutambulisha mfupa kwa njia nyingine. Kilichopo ni jina lililo ndani ya alama za kunukuu. Ndiyo maana klipu moja inaweza kuchezwa na rigi yoyote yenye mifupa ya majina hayo. Na ndiyo maana pia herufi moja ikibadilika, mstari hubaki na namba zake lakini haujui umpelekee nani.

Faili moja, wasomaji wengi

Faili la shoti, yaani la kipande kimoja cha kipindi, halimbebi Sungura ndani yake. Mhuishaji humwita kutoka kwenye faili la rigi kwa amri ya `Link`. Tangu hapo faili la shoti huweka kumbukumbu mbili: njia ya kufikia faili la rigi, na jina la mkusanyo ulioitwa kutoka humo. Kila shoti inapofunguliwa, Blender hufuata njia hiyo na kumsoma Sungura upya. Ili mhuishaji aweze kuivuta mifupa ya mhusika aliyeitwa hivyo, hutumia `Library Override`, utaratibu unaohifadhi mabadiliko ya shoti bila kuigusa rigi yenyewe.

Faida ya mpango huu huonekana siku kiwiko kinapogundulika kuwa kinabonyea vibaya. Mjenzi wa rigi hukirekebisha mara moja katika faili moja, na shoti zote hupata kiwiko kizuri zinapofunguliwa tena. Amri ya `Append` hufanya kinyume: humnakili mhusika mzima na kumweka ndani ya shoti, na nakala hiyo haipati tena marekebisho yoyote. Kwa sababu hiyo barua huagiza kwamba rigi huitwa kwa `Link` tu. Atakayetumia `Append` hataona kosa siku hiyo. Ataliona wiki kadhaa baadaye, shoti yake itakapokuwa ndiyo pekee yenye Sungura wa kiwiko kibovu.

Ramani ya folda

Folda za mradi zimegawanywa kufuatana na nani anasoma kutoka kwa nani:

```
hadithi/
  maktaba/
    wahusika/
      sungura/
        sungura_rig.blend
        picha/
        kazi/
    klipu/
      blender_assets.cats.txt
      sungura_klipu.blend
  shoti/
    k01/
      k01_0010/
        k01_0010_anim.blend
```

Upande wa `maktaba` hukaa vitu vya pamoja, na upande wa `shoti` hukaa kazi ya kila kipindi. Shoti husoma kutoka maktaba, lakini maktaba haisomi kamwe kutoka kwenye shoti. Mjenzi wa rigi akichukua picha ya ngozi iliyo ndani ya folda ya shoti fulani na kuitumia kwa Sungura, shoti hiyo inageuka kuwa sehemu ya kila kipindi. Siku itakapofutwa kwa sababu imekatwa kwenye hadithi, Sungura atakuwa na rangi ya waridi kila mahali, rangi ambayo Blender huipaka pale picha inapokosekana.

Ndani ya folda ya Sungura kuna folda ya `kazi`. Humo ndimo mjenzi wa rigi anamohangaika, akihifadhi `sungura_rig_v013.blend`, `sungura_rig_v014.blend` na kuendelea. Toleo likishakaguliwa, nakala yake huwekwa folda moja juu kwa jina lisilo na namba, `sungura_rig.blend`, ikichukua nafasi ya ile ya awali. Shoti huita faili hilo la juu peke yake. Kama shoti zingeita `v014`, kila rekebisho lingemlazimu mtu azipitie zote na kuzielekeza kwenye `v015`, na zile zitakazosahaulika zingebaki na mhusika wa zamani. Namba ya toleo ni ya kumsaidia mjenzi kurudi nyuma. Msomaji anahitaji anwani isiyohama. Kwa sababu hiyohiyo, maneno kama `mwisho`, `mpya` au tarehe ya leo hayaruhusiwi katika jina la faili la maktaba.

Njia inayoandikwa ndani ya shoti huanzia pale faili la shoti lilipo, wala haianzii mwanzo wa diski. Katika Blender njia ya namna hiyo hutanguliwa na mistari miwili ya mlazo:

```
//../../../maktaba/wahusika/sungura/sungura_rig.blend
```

Kila jozi ya nukta ni hatua moja kwenda juu: kutoka `k01_0010` hadi `k01`, kutoka `k01` hadi `shoti`, kutoka `shoti` hadi `hadithi`, kisha kushuka kuingia maktaba. Folda nzima ya `hadithi` inaweza kuhamishiwa kwenye seva, kwenye diski ya nje au kwenye kompyuta ya mtu aliye mji mwingine, na njia hiyo bado itafika. Njia inayoanza na `D:\` hufika tu kwenye kompyuta yenye diski ya jina hilo. Hapo kuna mambo mawili ya kuangalia. Faili jipya la shoti lazima lihifadhiwe mahali pake kabla ya kumwita mhusika, kwa kuwa faili ambalo halijahifadhiwa halina mahali pa kuanzia kuhesabu hatua. Na kwenye Windows, shoti na maktaba lazima ziwe kwenye diski moja, kwa sababu hakuna njia ya namna hii inayovuka kutoka diski hadi diski.

Herufi zinazoruhusiwa

Majina ya mafaili na folda huandikwa kwa herufi ndogo, tarakimu na kistari cha chini peke yake. Nafasi, nukta za ziada na alama kama mabano haziingii. Sharti la herufi ndogo lina sababu ya kiufundi. Windows, na macOS katika mpangilio wake wa kawaida, huona `Sungura_rig.blend` na `sungura_rig.blend` kuwa faili moja. Linux huyaona kuwa mafaili mawili tofauti. Wahuishaji wengi huketi mbele ya Windows, ilhali mashine zinazochora picha za mwisho usiku kucha aghalabu huwa za Linux. Mtu akiandika herufi kubwa mahali pamoja tu, shoti itafunguka vizuri mezani kwake mchana, na usiku itachorwa ikiwa na msitu, njia na jua, bila Sungura.

Tarakimu huandikwa kwa urefu sawa, zikitanguliwa na sifuri. Bila sifuri hizo orodha nyingi za kompyuta zitaweka shoti ya 10 kabla ya shoti ya 2. Shoti zenyewe huhesabiwa kwa makumi: `0010`, `0020`, `0030`. Mwelekezi akiongeza shoti kati ya mbili za mwanzo, hupewa `0015`, na hakuna faili linalohitaji kubadilishwa jina.

Majina ndani ya rigi

Ndani ya faili la Blender sheria ni tofauti kidogo, kwa sababu humo herufi kubwa na ndogo hutofautishwa kwenye mashine zote. Kwa hiyo viambishi vya herufi kubwa hutumika kuonyesha aina ya kitu. Mkusanyo wa mhusika huitwa `CH-sungura`, mifupa yake `RIG-sungura`, na maumbo ya mwili huanza na `GEO-`. Mhuishaji huita mkusanyo wa `CH-sungura` mzima. Akiita umbo moja moja, kitu atakachosahau hakitakuja, na kitu kipya kitakachoongezwa baadaye kwenye mkusanyo hakitamfikia.

Mifupa nayo ina familia zake. Rigify huwapa mifupa inayovuta ngozi kiambishi cha `DEF-`, ile ya mitambo ya ndani `MCH-`, na ile ya kiunzi cha asili `ORG-`. Vidhibiti vya mhuishaji havina kiambishi. Kanuni inayotokana na hapo ni fupi: mfupa wenye kiambishi hauwekewi mwendo. Mjenzi wa rigi ana ruhusa ya kuibadilisha mifupa hiyo apendavyo, mradi vidhibiti visivyo na kiambishi vibaki na majina na tabia zake.

Upande wa mwili huonyeshwa kwa `.L` na `.R` mwishoni mwa jina, na ni kushoto na kulia kwa mhusika mwenyewe, si kwa anayemtazama. Hapa studio inayotumia Kiswahili hukutana na mpaka wa programu. Mfupa unaweza kuitwa `mkono` au `goti` bila tatizo lolote, lakini `mkono_kushoto` na `mkono_kulia` hazina uhusiano wowote machoni pa Blender. Inatambua `L` na `R`, au `left` na `right`, zikiwa mwanzoni au mwishoni mwa jina. Mhuishaji hutegemea utambuzi huo kila siku: hupanga hatua ya mguu wa kushoto, akaunakili mkao, kisha akaubandika kwa `Paste Pose Flipped` ili mguu wa kulia upate mkao huohuo kwa kugeuzwa. Majina yasipokuwa na alama hizo, mkao hurudi kwenye mguu uleule, ukiwa umepindishwa. Kosa hilo hugunduliwa kwa jaribio la dakika moja, na kwa kawaida hufanywa kabla rigi haijaingia maktaba.

Jina la klipu

Klipu za pamoja za Sungura hukaa katika faili moja, `sungura_klipu.blend`. Jina la kila klipu hufuata mpangilio mmoja: mhusika, tendo, namna, herufi ya chaguo, na mwishoni alama ya mzunguko kama mwendo unajirudia.

```
sungura_tembea_hofu_a_loop
sungura_tembea_kawaida_a_loop
sungura_tembea_kawaida_b_loop
sungura_kaa_uchovu_a
```

Mpangilio huanza na jambo pana na kushuka kwenye jambo dogo, hivyo orodha ikipangwa kwa alfabeti matembezi yote hukaa pamoja. Tendo huandikwa bila `ku-` ya mwanzo. Yakiandikwa `kutembea`, `kukaa`, `kukimbia`, klipu zote zingeanza kwa herufi mbili zilezile na orodha isingemsaidia anayetafuta. Herufi `a` na `b` ni machaguo mawili halali ya tendo lilelile. `b` haimaanishi kwamba `a` imefutwa.

Alama ya `loop` imeachwa kwa Kiingereza kwa makusudi. Injini ya michezo ya Godot, inapoingiza klipu ambayo jina lake linaanza au kuishia na `loop` au `cycle`, huiwekea yenyewe mpangilio wa kujirudia. Studio ikiandika `mzunguko`, Sungura wa mchezo wa simu atapiga hatua mbili na kuganda, hadi mtu aweke mpangilio huo kwa mkono katika kila klipu.

Kisichoingia kwenye jina ni kila kinachoweza kubadilika huku klipu ikibaki ileile: jina la aliyeitengeneza, hali ya ukaguzi, tarehe, idadi ya fremu. Mwendo wa fremu 24 ukipunguzwa kuwa wa 20, jina lenye 24 litakuwa linadanganya, na kulirekebisha kutavunja kila mahali linapotumika. Taarifa hizo huandikwa katika maelezo ya klipu ndani ya `Asset Browser`, ambako kuzibadilisha hakumuumizi mtu.

Hapohapo kwenye `Asset Browser` klipu hupangwa katika makundi kama "matembezi" na "mazungumzo". Makundi hayo yameandikwa katika faili la `blender_assets.cats.txt`, na kila kundi lina namba yake ndefu ya utambulisho isiyotegemea jina. Kwa hiyo jina la kundi linaweza kubadilishwa wakati wowote, na hakuna klipu itakayopotea. Ni mfano mzuri wa tofauti: penye namba ya utambulisho, jina ni huru, pasipo na namba hiyo, jina ndilo utambulisho wenyewe. Faili hilo la makundi halifutwi, hata kama linaonekana kuwa maandishi machache yasiyo na mwenyewe.

Klipu iliyoitwa kwa `Link` husomwa tu, haibadilishwi. Mhuishaji anayetaka Sungura ageuze kichwa katikati ya matembezi hutengeneza nakala ya klipu ndani ya shoti yake na kuipa jina linaloanza na shoti, `k01_0030_sungura_tembea_hofu`. Asipofanya hivyo, faili litakuwa na klipu mbili za jina moja, moja ya maktaba na moja yake, au Blender itaongeza `.001` mwishoni. Klipu yenye `.001` ndani ya maktaba huhesabiwa kuwa kosa hadi ithibitishwe vinginevyo, maana hakuna awezaye kusema kwa kuitazama inatofautiana vipi na mwenzake. Nakala hiyo ya shoti haina budi pia kuwa inatumika, au kuwashiwa alama ya ngao. Klipu isiyotumiwa na kitu chochote, wala haina ngao, haitakuwamo faili litakapofungwa na kufunguliwa tena.

Mfupa mmoja ukibadilishwa jina

Uzito wa kanuni hizi huonekana vizuri katika tukio moja la kawaida. Mjenzi wa rigi, katika kusafisha kazi yake, anaona kwamba kidhibiti cha `mkono_ik.L` kwa kweli kinashika kiganja. Analibadilisha jina kuwa `kiganja_ik.L`, na kufanya vivyo hivyo upande wa kulia. Katika faili lake kila kitu kinaendelea kufanya kazi, kwa sababu Blender hurekebisha yenyewe anwani za klipu zinazotumiwa na rigi ndani ya faili lililofunguliwa. Anakagua, anaridhika, anaiweka rigi kwenye maktaba jioni.

Asubuhi mhuishaji anafungua shoti ya `k01_0030`. Hakuna onyo lolote kwenye kioo. Sungura anatembea, kichwa kinageuka, miguu inapiga hatua. Ila mikono haibembei tena: imekwama katika mkao wake wa mwanzo, na kiwiliwili kikiinama mbele, viganja vinabaki nyuma na mikono inanyooka kama inayovutwa. Klipu ya shoti hiyo imo ndani ya faili la shoti, na faili hilo halikuwa wazi wakati jina lilipobadilishwa. Mistari yake bado inamtafuta `mkono_ik.L`, ambaye hayupo.

Dalili ya hakika hupatikana katika `Dope Sheet` au `Graph Editor`. Mistari iliyopoteza anwani hupigiwa mstari mwekundu chini ya jina lake, na kichujio cha `Only Show Errors` huonyesha hiyo pekee. Ikitokea orodha ya mistari yote ya `mkono_ik.L` na `mkono_ik.R`, chanzo kimejulikana.

Kinachofuata ndicho mgeni hukosea mara nyingi. Akiona mkono haufuati, huushika `kiganja_ik.L` na kuupangia mwendo upya. Sasa klipu ina mwendo wa zamani usio na mwenyewe, na mwendo mpya wenye jina jipya. Mjenzi wa rigi akirudisha jina la awali mchana, mwendo wa zamani unafufuka na kazi ya asubuhi nzima inageuka kuwa ndiyo yatima. Kwa hiyo barua huagiza hivi: mstari mwekundu ukionekana, mhuishaji hahifadhi faili, hafuti mistari hiyo, wala hapangi mwendo upya. Anamwarifu mjenzi wa rigi. Namba zote bado zimo; kilichopotea ni njia ya kufika tu. Jina la zamani likirudishwa kwenye rigi, shoti zote hupona zinapofunguliwa tena.

Kama studio inalitaka jina jipya kweli, kazi inakuwa kubwa zaidi. Anwani ya kila mstari inaweza kuandikwa upya kwa mkono katika `Graph Editor`, jambo linalofaa kwa mistari michache. Kwa shoti nyingi huandikwa programu ndogo inayofungua kila faili, kubadilisha jina la zamani kwa jipya, na kuhifadhi. Kazi hiyo hufanywa siku ambayo hakuna mhuishaji aliyefungua faili, na nakala za akiba zikiwa zimewekwa kando.

Mabadiliko salama na yasiyo salama

Kutokana na tukio hilo hupatikana mpaka unaotenganisha rekebisho la rigi na rigi mpya. Kurekebisha jinsi ngozi inavyofuata mfupa, kubadilisha rangi, kuongeza mfupa mpya au kubadilisha umbo la kidhibiti ni mambo yanayoweza kuingia katika `sungura_rig.blend` bila kuharibu klipu. Kubadilisha jina la kidhibiti, kukifuta, kukihamishia kwa mfupa mzazi mwingine au kugeuza mwelekeo wake wa mapumziko ni mambo yanayoharibu. Yakilazimika, rigi hupewa jina jipya, `sungura2_rig.blend`. Shoti zilizoanza na ya kwanza hubaki nayo hadi zimalizike, na shoti mpya huanza na ya pili. Rigi zote mbili huishi maktaba kwa pamoja.

Mwelekeo wa mapumziko unahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa kosa lake halina mstari mwekundu. Klipu haisemi "inua mkono". Husema mfupa uzungushwe digrii fulani kwenye mhimili fulani, kuanzia pale ulipokuwa umepumzika. Mfupa ukizungushwa katika mapumziko yake, jina linabaki, anwani inafika, lakini digrii zilezile zinaupeleka mkono upande mwingine. Hivyo mhuishaji hutofautisha hitilafu mbili kwa macho: kiungo kisichosogea, chenye mstari mwekundu, kimepoteza jina, kiungo kinachosogea vibaya, bila mstari mwekundu, kimebadilishwa mapumziko yake.

Kanuni hiyohiyo ndiyo mpaka wa kuazimana klipu kati ya wahusika. Fisi akijengwa kwa majina yaleyale ya mifupa na mapumziko ya mwelekeo uleule, anaweza kucheza `sungura_kaa_uchovu_a` na ikakubalika. Matembezi ni shida zaidi. Miguu ya Fisi ina urefu wake, na hatua iliyopimwa kwa Sungura itamfanya ateleze, nyayo zikiburuzika ardhini badala ya kuikanyaga. Klipu iliyoazimwa hivyo huchukuliwa kuwa mwanzo wa kazi. Ikisharekebishwa huhifadhiwa katika `fisi_klipu.blend`, kwa jina linaloanza na `fisi`.

Mhusika asipoonekana

Hitilafu ya tatu ni ya faili zima kutopatikana. Hapa Blender hutoa onyo, na mhusika hukosekana kabisa kwenye shoti. Katika `Outliner`, ukichagua mwonekano wa `Blender File`, maktaba zote zilizoitwa huorodheshwa pamoja na njia zake, na ile iliyokosekana huwa na alama ya hitilafu. Njia ikianza na jina la diski, shoti ilihifadhiwa vibaya tangu mwanzo. Njia ikiwa sahihi lakini herufi moja ni kubwa, kosa ni la herufi. Njia ikielekeza kwenye folda ya `kazi`, mtu aliita toleo la mjenzi badala ya lile lililokaguliwa. Kila moja hurekebishwa kwa kubofya maktaba hiyo na kuchagua `Relocate`, kisha kuelekeza kwenye faili halali. Hadi hapo faili la shoti halihifadhiwi, ili mabadiliko ya mhuishaji yaliyoshikamana na mhusika huyo yasiingie hatarini.

Barua humalizika kwa orodha ya maneno yaliyokubaliwa: majina ya wahusika, matendo na namna, kila kimoja kikiwa na neno moja tu. Kama `tembea` imo, hakuna `enda` wala `walk`. Anayehitaji neno lisilomo humwomba kiongozi aliongeze kwanza, ndipo alitumie. Orodha hukua katikati ya mradi, lakini maneno yaliyokwisha kuingia hayabadilishwi hadi kipindi cha mwisho kitolewe, hata yale ambayo kila mtu ameshaona kwamba yangeweza kuchaguliwa vizuri zaidi.